Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu ya sekondari: tunachanganya lugha darasani kila siku, tupeni mwongozo

Kwa viongozi wenye dhamana ya sera, mitaala, mitihani na uthibiti ubora wa elimu ya sekondari,
Tanzania Bara.

YAH: MATUMIZI YA KISWAHILI NA KIINGEREZA KATIKA VIPINDI VYA SEKONDARI

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa biolojia katika sekondari ya kata, na kwa sasa nasoma shahada ya uzamili katika isimu ya elimu. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimegonga mwamba. Niliandika kupitia kwa mkuu wangu wa shule, barua ikapanda juu, kisha nikalieleza jambo hili kwa mdomo kwenye kikao cha majumuisho baada ya ukaguzi. Niliambiwa kwamba lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, hivyo nizingatie sera. Kwa maandishi sikujibiwa. Sitaji shule wala ofisi, maana aliyenijibu alisema alichotakiwa kusema, na angekuwa mwingine kwenye kiti kile angejibu vilevile.

Ninacholalamikia ni hiki. Walimu wa sekondari za serikali tunafundisha kwa kuchanganya Kiswahili na Kiingereza, na kila mtu kwenye mfumo anajua. Ila kwa kuwa kwenye makaratasi jambo hilo halipo, hakuna anayetufundisha kulifanya vizuri. Matokeo yake uchanganyaji ambao ungeweza kuwa daraja la kumvusha mtoto umegeuka kuwa mahali anapokwama. Wanaosema kuchanganya lugha kunasaidia na wanaosema kunaharibu wote wana ushahidi, kwa sababu wanazungumzia aina mbili tofauti za uchanganyaji. Naomba mnivumilie nizitenganishe.

1. Kinachofanyika darasani hakimo kwenye andalio la somo

Mtoto wa Tanzania husoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, hisabati na sayansi zikiwamo, kisha Januari moja anaingia kidato cha kwanza na karibu kila kitabu kimegeuka Kiingereza isipokuwa vichache, kama cha somo la Kiswahili lenyewe. Shule hufungua mwaka kwa kozi ya awali ya Kiingereza ya wiki chache, na baada ya hapo mwalimu wa biolojia anatarajiwa kueleza muundo wa seli kwa lugha ambayo mtoto bado anahangaika kuombea ruhusa ya kutoka nje.

Mwalimu yeyote mwenye huruma atabadili lugha. Anabadili akiona macho ya wanafunzi yamepotea, akitaka kuwatuliza, akitaka kuwakemea, au yeye mwenyewe Kiingereza kikimwishia njiani. Anabadili bila kupanga, na akishamaliza haandiki popote kwamba alibadili. Andalio lake la somo limeandikwa Kiingereza kuanzia juu hadi chini, kwa hiyo ukilisoma utaamini darasa zima liliendeshwa kwa lugha hiyo.

Mthibiti ubora akiingia, darasa linabadilika mara moja. Mwalimu anashika Kiingereza cha kitabuni, wanafunzi waliokuwa wakiuliza maswali wananyamaza, na kinachosikika ni kiitikio. Mwalimu anataja nusu ya neno huku akipandisha sauti, darasa linamalizia nusu iliyobaki kwa pamoja. Anauliza kama wameelewa, wanaitikia kwamba wameelewa. Watafiti wa lugha za darasani, Keith Chick kule Afrika Kusini akiwa miongoni mwao, waliyaeleza mazungumzo ya namna hii zamani: yanalinda heshima ya mwalimu na ya mwanafunzi, yanafanana na kujifunza, lakini ndani yake hakuna anayejifunza. Mthibiti anaondoka na fomu inayosema lugha ya kufundishia imezingatiwa. Mlango ukifungwa, Kiswahili kinarudi.

Taarifa mnazozipata huko juu zimejengwa juu ya vipindi vya aina hiyo, na ndiyo maana nalitanguliza suala hili.

2. Uchanganyaji wetu wa kawaida unampa mtoto majina bila sentensi

Hapa ndipo penye kiini cha barua, na ndipo ninapokubaliana kwa sehemu kubwa na wale wanaosema kuchanganya lugha kunadhuru.

Kwa ajili ya karatasi yangu ya masomo nilirekodi, kwa idhini ya wahusika, baadhi ya vipindi vya biolojia vya kidato cha pili kwenye mada ya usafirishaji wa vitu katika viumbe hai. Sentensi moja ya mwalimu nimeinakili kama ilivyosikika masikioni:

“Kwa hiyo osmosisi ni muvumenti ya wota molekyuli kutoka kwenye hai konsentresheni ya maji kwenda kwenye lo konsentresheni kupitia semi-pamiabo membreni, si ndiyo?”

Darasa likaitikia kwamba ndiyo.

Ukiitazama haraka, sentensi hii imejaa Kiingereza, na mwalimu angeapa kwamba amefundisha Kiingereza. Sasa itazameni kwa makini. Majina yote ya kitaalamu yametoka Kiingereza. Lakini maneno yanayoyashikilia majina hayo, yaani “ni”, “ya”, “kutoka kwenye”, “kwenda kwenye”, “kupitia”, yote ni ya Kiswahili, na mpangilio wa sentensi ni wa Kiswahili. Carol Myers-Scotton, ambaye nadharia yake ya mwaka 1993 ilitokana kwa kiasi kikubwa na mazungumzo ya Kiswahili na Kiingereza aliyoyarekodi Nairobi, alionyesha kwamba hivi ndivyo uchanganyaji ndani ya sentensi unavyofanya kazi. Lugha moja inatoa fremu, yaani sarufi na mpangilio, na nyingine inachopekwa maneno yake ndani ya fremu hiyo. Mitaani hakuna ubaya wowote, ndivyo watu wenye lugha mbili wanavyoongea duniani kote.

Darasani kuna ubaya mmoja mkubwa. Mwanafunzi anayefundishwa kwa sentensi za namna hii miaka minne anaisikia fremu ya Kiswahili maelfu ya mara na fremu ya Kiingereza mara chache sana. Anatoka na msamiati wa kitaalamu wa kutosha, lakini hajawahi kusikia, achilia mbali kutamka, sentensi kamili ya Kiingereza inayosema kitu kimetoka hapa, kimekwenda pale, kimepitia hiki, kwa sababu hii. Mtihani nao unaomba kitu hichohicho. Swali la kutaja atalijibu. Swali la kueleza au la kutofautisha litamshinda, kwa kuwa kueleza kunafanywa na vile viunganishi na vihusishi ambavyo mwalimu wake siku zote alivisema kwa Kiswahili.

Mkitaka kuhakikisha, chukueni daftari la mazoezi la mwanafunzi wa kawaida wa kidato cha pili. Mtakuta fasili zilizonakiliwa kutoka ubaoni, hazina kosa hata moja. Fungueni ukurasa aliojibu swali la kueleza kwa maneno yake, mtakuta majina ya kitaalamu yamepangwa mstari mmoja bila kitenzi, au sehemu ya swali imerudiwa kama jibu, au fasili nzima imemwagwa hapo ingawa swali liliuliza kitu kingine. Ripoti za Baraza la Mitihani zinazochambua majibu ya watahiniwa hutaja mara kwa mara udhaifu wa Kiingereza kama sababu ya majibu mabovu. Ni kweli, ila udhaifu huo una umbo, na umbo lenyewe limetokana na namna tunavyoongea tukiwa mbele ya ubao.

3. Kiingereza kitupu kinaficha kutoelewa, na njia ya kutokea ipo

Baada ya kusema hayo nategemea wengine watadakia: basi pigeni marufuku Kiswahili darasani. Naomba muone kwanza somo moja nililolifundisha mwenyewe, la osmosisi hiyohiyo.

Asubuhi kabla ya paredi nilichukua viazi mbatata viwili vinavyolingana, kimoja kibichi, kingine nimekichemsha hadi kikaiva. Nikakata vitako vyake ili visimame, nikamenya nusu ya chini ya kila kimoja, nikachimba shimo juu, nikaweka vijiko viwili vya chai vya sukari kavu katika kila shimo, nikavisimamisha kwenye sahani zenye maji yanayofika usawa wa ile nusu iliyomenywa. Jaribio hili lazima litangulie kipindi kwa saa kadhaa, maana ndani ya dakika 40 mabadiliko ni madogo na wanafunzi wa nyuma hawataona kitu. Kipindi changu kilipofika, shimo la kiazi kibichi lilikuwa na majimaji yaliyokaribia ukingo. Kwenye kile kilichochemshwa hapakuwa na maji yaliyopanda.

Nikawaambia waongee wawili wawili, kwa Kiswahili, waeleze walichokiona na kwa nini kimetokea. Darasa lilichangamka hasa. Jibu lililotawala lilikuwa “sukari imenyonya maji”, na wengine wakasema “maji yamefuata utamu”. Hao ni wanafunzi ambao wiki iliyopita walikuwa wameinakili fasili ya osmosisi kwa Kiingereza sahihi. Kichwani mwao sukari ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi, kama kitambaa kinavyonyonya maji yaliyomwagika mezani, na utando wa seli haukuwa na sehemu yoyote katika maelezo yao. Somo lingeendeshwa kwa Kiingereza kitupu, wangeitamka fasili kwa pamoja, ningeridhika, na dhana hiyo potofu ingebaki palepale hadi mtihani wa kidato cha nne.

Kisha msichana mmoja akauliza: “Mwalimu, kama sukari inanyonya maji, mbona kwenye kiazi cha kuchemsha hainyonyi?”

Swali hilo ndilo osmosisi yenyewe. Sukari ni ileile, maji ni yaleyale, kilichotofautiana ni utando wa seli. Katika kiazi kibichi seli zi hai na utando wake unaruhusu maji kupita kwa urahisi huku ukiizuia sukari. Sukari iliyo shimoni inayeyuka kwenye unyevu wa kiazi na kuwa myeyusho mzito, maji yanatoka kwenye seli za karibu kuingia shimoni, seli hizo nazo zinavuta maji kutoka kwa jirani zake, hadi kwenye sahani. Ukichemsha umeua seli na kuharibu utando, hakuna tena kinachochuja. Wanafunzi wakaanza wenyewe kutaja kitunguu cha kachumbari kinavyotoa maji kikitiwa chumvi. Yote haya yalikuwa kwa Kiswahili, na sikuona namna ambayo yangewezekana kwa Kiingereza cha kidato cha pili.

Walimu wengi huishia hapo. Wameelewa, kengele imelia, mwalimu anaondoka ameridhika, na kosa la pili limeshafanyika, kwa sababu mtoto anaondoka na uelewa mzuri ambao hana namna ya kuuandika kwenye karatasi ya mtihani. Mimi nilikuwa nimeugawa ubao kwa mstari wa chaki tangu mwanzo, kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza. Kushoto palikuwa na maelezo yao wenyewe, yaliyokwisha kusahihishwa na ile hoja ya kiazi kilichochemshwa. Zilipopita dakika kama 15 nikahamia kulia, nikaandika fremu tatu za Kiingereza zenye nafasi za kujaza. Ya kwanza ilisema maji yametoka mahali fulani kwenda mahali fulani. Ya pili ilisema yamepita katika kitu fulani ambacho kinaruhusu hiki na kinazuia kile. Ya tatu ilisema jambo fulani halikutokea kwenye kiazi kilichochemshwa kwa sababu fulani. Hapo majina ya kitaalamu hayakuwa tatizo tena. Walichojifunza ni namna ya kuyaunganisha.

Kuanzia hapo hadi mwisho Kiswahili kilipumzika. Walijaza nafasi kwa mdomo na mwenzao wa dawati, wakabadilishana, kisha nikawapa jambo jipya waeleze kwa fremu zilezile: kitunguu na chumvi, ambapo maji yanatoka kwenye seli kwenda nje. Jambo jipya ni la lazima, kwa sababu wakirudia kiazi kilekile watakariri. Dakika tano za mwisho waliandika sentensi tatu kila mmoja, bila kunakili ubaoni kwa kuwa nilikuwa nimefuta upande wa kulia. Sentensi nyingi zilikuwa na makosa ya nyakati na ya umoja na wingi. Lakini zilikuwa na vitenzi, na zilieleza.

Tofauti kati ya somo hili na lile nililolirekodi haitokani na kiasi cha Kiswahili kilichotumika. Pengine mimi nilitumia zaidi. Ila Kiswahili changu kilikuwa na mahali pake, kilikaa katika sentensi kamili za Kiswahili, kikaachia nafasi sentensi kamili za Kiingereza, na kurudi kwenye Kiingereza kulipangwa kabla sijaingia darasani. Sikuja na jambo geni. Huko Welisi, Cen Williams alieleza miaka ya 1990 masomo ambayo mwanafunzi anapokea kwa lugha moja na kutoa kwa nyingine kwa makusudi. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dodoma kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Bristol kuandaa vielelezo vya vitabu vya kidato cha kwanza vyenye Kiingereza chepesi, tafsiri ya istilahi kwa Kiswahili na shughuli za kuongea kabla ya kuandika. Kazi hiyo ipo nchini, lakini shuleni kwangu haijafika.

Njia hii ina mipaka yake, nayo nitaitaja. Darasa la wanafunzi 70 halimruhusu mwalimu kumsikia kila mmoja, kwa hiyo makosa mengine yatapita. Mwalimu ambaye mwenyewe hana fremu za Kiingereza hawezi kuzitoa, na wapo. Mada kama ya urithi wa jeni hazina maneno ya kila siku ya kuanzia, hivyo sehemu ya Kiswahili inahitaji istilahi zilizosanifiwa. Istilahi zenyewe si tatizo kubwa kama inavyodaiwa, kwa kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Tatizo ni kwamba walimu wengi wa sayansi hawajawahi kuishika.

4. Adhabu kwa kuongea Kiswahili

Katika baadhi ya shule mwanafunzi akikutwa akiongea Kiswahili huvalishwa kibao shingoni, hupigwa faini au viboko. Hatua hizo hazijaongeza sentensi hata moja ya Kiingereza kwenye madaftari niliyoyasahihisha. Zinachoongeza ni ukimya, na mtoto aliyezoea kunyamaza kwenye korido hatauliza swali la kiazi cha kuchemsha darasani.

Majibu ninayoyatarajia

Nitaambiwa kwamba mtoto akizoeshwa Kiswahili darasani hatajifunza Kiingereza, kwani lugha hujifunzwa kwa kuisikia. Hoja hii ina ukweli nusu, na nimeshauonyesha kwenye jambo la pili: uchanganyaji holela unampunguzia mtoto Kiingereza cha kusikia. Lakini kusikia kusikoeleweka hakufundishi lugha wala biolojia. Mradi wa utafiti wa LOITASA, ulioanza 2002 ukiwakutanisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwe, ulionyesha wanafunzi wetu wakijieleza kwa upana wanapoulizwa kwa Kiswahili na wakiishia kwenye vijisentensi au kunyamaza wanapoulizwa jambo lilelile kwa Kiingereza. Kinachodaiwa kulindwa na marufuku hiyo hakimo darasani.

Nitaambiwa suluhisho ni kuboresha Kiingereza cha walimu na wanafunzi. Wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, waliikagua hali hii mwaka 1984 na kukuta kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakitoshi kusomea masomo mengine. Hata hivyo walishauri Kiingereza kibaki, kiimarishwe, na ukafuata mradi mkubwa wa kukiimarisha. Waliokuwa kidato cha kwanza mwaka ule leo ni wazazi, wengine wana wajukuu, na mimi bado ninasahihisha majibu yasiyo na vitenzi. Kiingereza kiimarishwe, sina ubishi na hilo, ila mtoto aliyeingia mwaka huu hawezi kusubiri.

Wengine, na hawa ni wenzangu katika isimu, wataniambia ninatibu dalili, na kwamba dawa ni kuhamishia sekondari yote kwenye Kiswahili. Tume ya Rais ya mwaka 1982 chini ya Jackson Makweta ilipendekeza hivyo, kwamba mageuzi yaanze kidato cha kwanza mwaka 1985, na serikali haikuyatekeleza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikitambua tena Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, huku ikitaja pia kuimarisha Kiingereza. Hata baada ya toleo la 2023 la sera hiyo, darasa la sekondari limebaki la Kiingereza. Mahakama zetu zilipewa sheria ya kutumia Kiswahili mwaka 2021, na sioni kwa nini biolojia ishindwe pale sheria ilipoweza. Lakini mjadala huo umekuwapo tangu kabla sijazaliwa, na siwezi kuwaambia wanafunzi wa kidato cha pili wakae pembeni hadi uishe. Hata siku Kiswahili kitakaposhika hatamu, watoto watahitaji kusoma vitabu vya Kiingereza, na ufundi ninaouomba hapa utakuwa na kazi.

Kuna pia hoja ya kwamba mwongozo rasmi utakuwa kibali cha uvivu. Kwa sasa ndipo mwalimu anapopata nafasi ya kuchanganya kivivu, kwa sababu hakuna kipimo. Mkiandika kwamba Kiswahili kinaruhusiwa mahali hapa kwa kazi hii, na kwamba kila kipindi kimalizike kwa mwanafunzi kusema na kuandika Kiingereza chake mwenyewe, mtakuwa mmempa mthibiti ubora kitu cha kukagua.

Ninachoomba

Kwanza, utolewe mwongozo wa matumizi ya lugha mbili katika masomo ya kidato cha kwanza na cha pili, uanze na sayansi. Useme wazi kwamba majadiliano ya kujenga dhana yanaweza kufanyika kwa Kiswahili, kwamba mwalimu ajitahidi kuongea sentensi kamili za lugha moja badala ya kuchopeka majina ya Kiingereza kwenye Kiswahili, na kwamba kurudi kwenye Kiingereza kupangwe. Fomu ya andalio la somo iongezewe safu moja tu, ya lugha itakayotumika katika kila hatua na fremu za sentensi zitakazofundishwa.

Pili, wathibiti ubora waache kupima lugha ya mwalimu, wapime ya mwanafunzi. Wakiingia darasani waangalie nani anaongea baada ya lugha kubadilika. Mwalimu akibadili lugha na kuendelea kuongea peke yake, hapo pana kasoro hata kama Kiingereza chake ni kizuri. Kisha wafungue madaftari matano, wasome majibu ya maswali ya kueleza, wahesabu sentensi zenye vitenzi ambazo hazikunakiliwa.

Tatu, katika upimaji wa kidato cha pili yafanyike majaribio kwenye shule chache: maswali ya sayansi yaandikwe kwa lugha zote mbili, mwanafunzi ajibu kwa lugha anayoiweza katika baadhi ya maswali ya kueleza, na matokeo yatangazwe. Tutajua kwa mara ya kwanza ni alama ngapi zinapotea kwa kutojua biolojia na ngapi zinapotea kwa kutojua Kiingereza. Kwa sasa karatasi yetu inavichanganya viwili hivi, na mtoto anaambiwa hajui sayansi.

Nne, waraka utoke wa kukomesha adhabu za kuongea Kiswahili shuleni.

Niko tayari kuwasilisha nakala za vipindi nilivyorekodi, nikiwa nimeficha majina, pamoja na maandalio ya masomo ya mada nzima ya usafirishaji wa vitu, mbele ya kamati yoyote mtakayoiteua. Naomba nijibiwe kwa maandishi kabla ya muhula ujao kufunguliwa, ili sisi tulio darasani tujue tupange vipi maazimio yetu ya kazi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Biolojia,
Sekondari ya kata, Kanda ya Kati.